“Amekubali?” Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu meseji isiyomtaja mtu

Meseji inasema “Vipi, amekubali?” na kuishia hapo. Aliyeituma ni mtu wako wa karibu, pengine ni shangazi, pengine ni bosi, pengine ni rafiki unayeongea naye kila siku. Humjui huyo anayetakiwa kukubali, au unawajua watatu wanaoweza kuwa yeye. Ukijibu “Nani?” unahisi umemfungia mtu mlango usoni, na usipouliza unaweza kujibu jambo ambalo hukuulizwa. Yafuatayo ni maswali ambayo watu huuliza kuhusu hali hiyo.

Kwa nini mtu mwenye akili zake anauliza “amekubali?” bila kusema ni nani?

Kwa sababu kichwani mwake mtu huyo ameshatajwa. Amekuwa akiliwaza jambo hilo tangu alfajiri, amelizungumza na mume wake mezani, amelipigia hesabu kwenye daladala, na anapochukua simu kukuandikia anaona kama mazungumzo yalikwisha kuanza na wewe ulikuwepo. Hakudharau. Kinyume chake, amekuhesabu kuwa miongoni mwa watu wanaolijua jambo lake, na ndiyo maana swali la kumrudishia linahitaji uangalifu.

Kiswahili nacho kinampa ruhusa. Kile kiambishi “a-” mwanzoni mwa “amekubali” kinatosha kuwa mtenda, kwa hiyo sentensi imekamilika kisarufi hata kama msikilizaji hana habari. Na hakisemi mengi. Hakikwambii kama ni mwanamume au mwanamke, kama ni mzee au kijana. Hakikwambii hata kama ni binadamu, kwa kuwa ng’ombe, mbuzi na kuku nao huchukua “a-”. Ndugu akikuandikia kutoka kijijini “Amekufa usiku”, inawezekana anamzungumzia yule ndama aliyekuwa anaumwa. Mtu aliye mbali na nyumbani anaweza kukaa na meseji kama hiyo moyo ukimwenda mbio kwa saa nzima.

Je, kuna kitu ndani ya meseji kinachoweza kunionyesha ni nani kabla sijauliza?

Mara nyingi kipo, na inafaa kukitafuta kwanza. Anza na kitenzi. “Ameoa” ni mwanamume, “ameolewa” ni mwanamke. Vivyo hivyo “ameposa” na “ameposwa”. “Amejifungua” ni mama wa binadamu, ilhali “amezaa” likitoka kwa mfugaji huenda ni habari njema ya zizini. “Amefariki” na “ametutoka” ni ya watu. “Amekufa”, likitumiwa na mtu mstaarabu kwenye meseji ya kawaida, mara nyingi si la mtu, ijapokuwa hilo usilichukulie kuwa sheria. “Amelipa” na “amesaini” humlenga mtu ambaye kulikuwa na deni au karatasi kati yake na nyinyi, na hao huwa hawazidi wawili watatu.

Kisha angalia kama kuna “huyo” au “yule”. Haya hayafanyi kazi moja. “Huyo amekubali?” hurejelea mtu aliyetajwa karibuni, aghalabu katika mazungumzo yenu ya mwisho, kwa hiyo panda juu usome meseji za jana. “Yule amekubali?” humrejelea mtu aliye mbali kidogo, ambaye mwandishi anaamini nyote wawili mnamjua bila kumtaja. “Yule” hubeba jambo la zamani zaidi, na mara nyingine hubeba siri. Mtu akikuandikia “yule” na wewe hukumbuki kitu, usitafute katika meseji za wiki hii tu.

Vitu ni rahisi kuliko watu. “Kimefika?” ni kifurushi, cheti au kitambulisho. “Limefika?” ni gari, boksi au lile jambo lenyewe. “Zimeingia?” kati ya watu wanaotumiana fedha ni fedha, na hakuna haja ya kuuliza. Tahadhari moja tu: katika mazungumzo ya kila siku ya watu wengi wa Nairobi, na wa miji mingine pia, karibu kila kitu huchukua “i-” na “zi-”, kwa hiyo “imefika?” kutoka huko inaweza kuwa chochote.

Ukishapitia hayo, wale watatu uliokuwa nao kichwani huwa wamebaki wawili, na saa nyingine mmoja.

Kwa nini “Nani?” peke yake husikika kavu, wakati ndilo swali lenyewe?

Ana kwa ana si kavu. Sauti hupanda, uso hukunjuka, unainamia mbele, na mwenzako anaona kwamba unataka kujua. Kwenye maandishi hivyo vyote havipo, na neno linabaki na kazi yake tupu. Na kazi ya “nani” ni kubwa: huuliza kutoka miongoni mwa watu wote duniani. Anayelisoma anaelewa kwamba katika kichwa chako jambo lake halikuwa na nafasi hata kidogo, kwamba unaanzia sifuri. Hilo ndilo linalouma.

Linganisha na “yupi”. “Yupi” huchagua kutoka katika kundi linalojulikana. Ukimwandikia mtu “Yupi hapo, fundi au mwenye nyumba?” umemwambia bila kusema kwamba unalijua jambo lake, unawajua wahusika wake, na kilichokosekana ni kidole kimoja cha kumwonyesha aliyekusudiwa. Mtu huyo hatahisi amesahauliwa, kwa sababu kweli hajasahauliwa.

Kuna maumbo mawili mabaya zaidi kuliko “Nani?”. Moja ni “Nani tena?”, ambalo kwa maandishi husomeka kama mtu aliyechoshwa na habari zako. La pili ni “Nani huyo?”, ambalo linaweza kueleweka kuwa unamshusha hadhi huyo anayezungumzwa. Kama ni baba mkwe wa mwenzako, umeharibu.

Basi niulize vipi?

Njia ninayoiamini kuliko zote ni kutouliza kabisa: jibu, na jina uliweke ndani ya jibu. Badala ya “Amekubali”, andika “Fundi amekubali, anakuja kesho saa tatu.” Kama alikuwa anamkusudia fundi, mmemaliza. Kama alikuwa anamkusudia mwenye nyumba, ataona mara moja na kusema “Aa, nilikuwa namuulizia mwenye nyumba.” Hakuna aliyeulizwa swali, hakuna aliyeaibika, na kosa limejitokeza lenyewe kabla halijafanya madhara. “Amekubali” lisilo na jina ndilo la hatari, kwa kuwa hata likiwa kosa halionekani.

Wakiwa wawili, jibu kwa wote wawili: “Fundi amekubali. Mwenye nyumba bado, nitampigia jioni.” Inachukua maneno machache kuliko kuuliza na kusubiri.

Usipokuwa na jibu kwa yeyote kati yao, ndipo uulize, na hapo weka mambo mawili. Kwanza salamu au neno la kupokea, maana mtu aliyekuja na “Vipi” na akapokelewa na swali anaona hakukaribishwa. Pili, weka majina unayoyadhania. “Salama kabisa dada. Ni mkopeshaji au yule wa benki?” Upungufu uuchukue upande wako: “hapo umeniacha kidogo”, “niweke sawa”, “sijakupata vizuri”. Hayo ni maneno yanayosema mwenzako yuko mbele na wewe unamfuata. “Hueleweki” na “sema vizuri” yanamrudishia kosa yeye, hata kama kosa kweli ni lake.

Na kama huna hata jina moja la kudhania, usijilazimishe kubuni. Andika tu, “Nimefurahi kukusikia. Leo nimechanganya mambo mengi, ni nani tunayemsubiri?” Hilo “tunayemsubiri” linafanya kazi kubwa kwa sababu linakuweka upande wake.

Naomba mfano mmoja wenye mambo yote.

Chukua posa, kwa kuwa hakuna mahali neno “amekubali” linapobeba watu wengi kuliko hapo. Familia ya Kiislamu ya pwani imemtuma mshenga Jumamosi na barua. Wamepokewa vizuri, wamekunywa chai, barua imebaki. Jumapili asubuhi shangazi wa kijana anamwandikia mshenga: “Asalaam aleikum mwanangu. Vipi, kakubali?”

Wanaoweza kuwa ndani ya hilo “ka-” ni wengi. Kuna binti mwenyewe, ambaye ridhaa yake ndiyo mwanzo wa yote. Kuna baba yake, ambaye ndiye walii na bila neno lake hakuna ndoa itakayofungwa. Kuna mjomba wa binti, ambaye si walii wakati baba yupo, lakini katika familia nyingi hakuna kinachosogea mpaka ameshirikishwa. Na kama binti ameshataja mahari anayoyataka, hata bwana harusi mtarajiwa anaingia: je, yeye amekubali kiasi hicho?

Mshenga anajua kwamba binti, alipoulizwa na mama yake, ameridhia. Baba amesema atatoa jibu akishaonana na mjomba, ambaye yuko Tanga hadi Alhamisi. Mshenga akijibu haraka “Kakubali, alhamdulillah”, amesema kweli kuhusu binti. Shangazi, kwa umri wake na desturi yake, alikuwa anamuulizia baba. Saa sita mchana ukoo mzima utakuwa na habari kwamba posa imejibiwa, na mtu atakuwa ameshapiga simu upande wa pili kuuliza siku ya kupeleka mahari. Baba wa binti atasikia kwamba jibu lake limetangazwa kabla hajalitoa. Posa huvunjika kwa jambo kama hilo.

Mshenga mwingine ataona kwamba swali lina milango minne, na atauliza “Nani shangazi?” Shangazi atanyamaza dakika kadhaa, kisha atamwandikia mama wa kijana kwamba huyu mshenga wenu hajui hata alichotumwa. Hilo nalo halifai.

Jibu linalofaa ni hili: “Waaleikum salaam, shikamoo shangazi. Tumepokewa vizuri, alhamdulillah. Baba mtu bado hajatoa neno, anamsubiri mjomba arudi kutoka Tanga, na ametuahidi jibu Ijumaa baada ya sala.” Angalia kilichofanyika. Salamu imeitikiwa na shikamoo ya mkubwa imetolewa. Baba ametajwa waziwazi. Siku imetajwa, kwa hiyo shangazi hana sababu ya kuuliza tena Jumatatu. Na binti hakutajwa.

Hilo la mwisho ni la makusudi. Nimesema juu kwamba wakiwa wawili ujibu kwa wote wawili, lakini kila jibu unalolitoa bila kuulizwa ni habari uliyoihamisha. Ridhaa ya binti ilimfikia mshenga kwa njia ya mama yake, na si kila mtu upande wa kijana ana haki nayo kabla baba hajasema. Kabla ya kujibu kwa wote, jiulize kama huyu anayeuliza anatakiwa kujua yote mawili. Kazini ni vilevile: ukijibu “mteja amekubali, mkurugenzi amekataa” kwa mtu aliyekuwa anamuulizia mteja tu, umeshatoa siri ya ofisi.

Nikiwa naulizwa na mkubwa wangu kwa umri, nafanyaje?

Shikamoo ndiyo itangulie kila kitu, na umwite kwa jina la undugu au la heshima: shangazi, mjomba, mama mdogo, mzee. Kisha omba, usiulize moja kwa moja. “Shikamoo mjomba. Naomba uniweke sawa, ni mwenyekiti wa kijiji au yule bwana wa shamba?” Wazee wengi hawachukizwi na kuulizwa. Wanachukizwa na kuulizwa bila kuamkiwa, na swali fupi mno huonekana limeruka salamu hata kama uliwaamkia asubuhi ileile.

Na kama hakutaja jina kwa makusudi?

Hii hutokea kuliko watu wanavyodhani, na hapa ndipo swali zuri linaweza kuwa na madhara kuliko swali baya. Wapo wanaoepuka jina kwa adabu. Kwa desturi ya wengi, mke hamtaji mumewe kwa jina. Atasema “baba watoto”, “mwenyewe” au “a-” peke yake, na wakwe nao hutajwa kwa kuzunguka. Wapo wanaoepuka kwa sababu simu inasomwa na zaidi ya mtu mmoja. Wapo ambao jambo lenyewe ni deni, ugonjwa au ndoa inayoyumba.

Utamtambuaje? Kwa kawaida mtu huyu huandika majina ya watu bila shida, na leo tu ameacha. Au meseji yake ni fupi kuliko desturi yake. Au ameiandika kwa “yule”, kisha akaongeza “si unajua”. Ukiona hivyo usimwandikie orodha ya majina umwambie achague, kwa sababu utakuwa umeyaweka kwenye maandishi yaleyale aliyoyakwepa. Mwandikie “Nikupigie sasa hivi?” na umsubiri akuambie. Akisema “baadaye”, umepata jibu kwamba hayuko peke yake.

Kama huwezi kupiga, uliza kwa kutumia mahali au wakati: “Ni yule wa siku ile Kariakoo?” Anayelijua jambo ataelewa, asiyelijua hata akisoma hataambulia kitu.

Meseji ya msiba isiyo na jina: “Ametutoka.” Niulize?

Uliza, na hapa kanuni ya kudhania jina inageuka. Usimtaje mtu hata mmoja. Ukiandika “Ni bibi?” na kumbe aliyefariki ni mtoto, umemwongezea mfiwa jambo la kukusahihisha katika saa ambayo hana nguvu, na umeliweka jina la aliye hai mahali pasipostahili. Sema kwanza neno la msiba kulingana na imani yenu, kisha piga simu. Usipoweza kupiga, “Innalillahi! Nani jamani?” au “Mungu wangu, pole sana. Ni nani ametutoka?” havina ubaridi wowote. Hapo “nani” limebebwa na uchungu uliotangulia, na mfiwa anausikia.

Jambo la kuzingatia: usiusambaze ujumbe huo kwa wengine kabla hujalijua jina. Kila atakayeupokea ataanza kuhesabu wagonjwa anaowajua.

Kuna ubaya gani kuuliza “Unamsema nani?”

“Kumsema mtu” ni kumteta, au kumkaripia. Kwa hiyo “Unamsema nani?” inaweza kusomeka kana kwamba unamtuhumu mwenzako kwamba amekaa kusengenya. Tumia “unamzungumzia nani” au “unamkusudia nani”, na bora zaidi “unamuulizia nani”, kwa kuwa ndicho anachokifanya kweli.

Je, niandike “nikumbushe”?

Ni neno zuri likiwa kweli. “Nikumbushe, ni yupi kati yao?” humwambia mtu kwamba jambo mlilizungumza na unalithamini kiasi cha kutaka kulirudia. Lakini ukilitumia kwa jambo ambalo hukuwahi kuambiwa, ataamini unajua nusu yake, atakupa nusu nyingine tu, nawe utabaki na nusu isiyo na mwanzo. Vilevile usijifiche nyuma ya “inshallah”, “tutaona” au “bado kidogo” kwa kuwa unaona haya kuuliza. “Bado” ni jibu. Mtu atalifanyia kazi: ataahirisha safari, atakwenda kukopa kwingine, atamwambia mwingine asubiri.

Kwenye kundi la familia mtu ameandika “Kwani amekubali?” Nani anatakiwa kujibu?

Yule anayelijua jambo, na ajibu kwa jina. Kama humjui anayezungumzwa, nyamaza kwanza, yupo anayemjua. Kuuliza “nani?” mbele ya watu ishirini humlazimisha mwandishi amtaje mtu mbele ya hao ishirini. Ukitaka sana kujua, muulize kwa pembeni.

Na mimi nikiandika, nifanyeje ili wengine wasihangaike?

Taja mtu mara moja mwanzoni, kisha “a-” itakutosha. Ugumu unaanza watu wanapokuwa wawili, kwa sababu “a-” na “-m-” zinawafaa wote wawili sawasawa. Soma hii: “Kamwambia akimlipa atamwachia gari.” Anayelipa ni aliyeambiwa au aliyesema? Kwa anayeijua biashara hiyo ni wazi, kwa mwingine ni fumbo. Andika vyeo: “Dalali kamwambia mnunuzi: ukimlipa mwenye gari, atakuachia gari.” Kiswahili hakichukii kurudia jina la mtu, na maneno ya mtu ukiyanukuu kama alivyoyasema, “u-” na “ni-” hujipanga zenyewe.

Kuna “-wa-” pia. “Nimewaambia” linaweza kuwa nimewaambia nyinyi au nimewaambia wao. Katika kundi la watu wanaosubiri taarifa, nusu wataona wameambiwa na nusu wataona kuna wengine walioambiwa. Kama unawakusudia nyinyi, andika “nimewaambieni”, au ongeza “nyinyi”. Kama ni wao, wataje.

Na neno lenyewe la kukubali lina mtego likikanushwa. “Hakukubali” linaweza kuwa “hakukubali jana”, yaani alikataa, na linaweza kuwa “yeye hakukubali wewe”, yaani hana imani nawe, kwa sababu “-ku-” ya wakati uliopita na “-ku-” ya wewe zinafanana, na kitenzi hiki huishia na “i” kila mara. Usimtumie mtu aliye katika wasiwasi “hakukubali” peke yake. Andika “amekataa”, au “meneja hajakubali bado”, ambayo ni habari tofauti kabisa na ina matumaini ndani yake.

Nimeuliza kwa upole, akanijibu “Si yule yule!” Bado sijui.

Usimuulize mtu kwa mara ya pili. Uliza jambo. “Ni kuhusu lile shamba au ule mkopo?” Watu husamehe kwa urahisi mtu aliyechanganya mambo, kwa kuwa mambo ni mengi na kila mmoja anayo yake, ni kumsahau mtu wao ndiko kunakowaumiza. Akishakwambia “mkopo”, jina litakuwa limekuja lenyewe, na unaweza kumjibu hapohapo: “Sawa, afisa mikopo hajanipigia. Nitakwenda dirishani kwake kesho asubuhi, nikitoka hapo nakupigia.”